Sare ya ndugu kwenye harusi: kitenge kimoja au rangi moja?

Kamati ikishakubaliana kwamba ndugu watavaa sare, kinachobaki ni kuchagua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kitenge kimoja: kamati inanunua mchoro mmoja kwa pamoja, inagawa, kila mtu anapeleka kwa fundi. Ya pili ni rangi moja: kamati inatangaza rangi, na kila ndugu anatafuta kitambaa chake, au anavaa nguo aliyo nayo kabatini. Nyingi kati ya sare zinazoharibika zimeharibikia kwenye tangazo, wiki nyingi kabla sindano haijagusa kitambaa. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia pale ndugu wanapopata habari kwa mara ya kwanza, na unaishia siku nguo inapotoka kwa fundi.

Tuchukue harusi ya Dar es Salaam, Jumamosi 12 Desemba 2026. Ndugu wa upande mmoja watakaovaa sare ni 46: wanawake 24, wanaume 12 na watoto 10. Baadhi wako Mwanza na Mbeya. Bei zote humu ni za mfano wa hesabu. Kabla ya kutangaza, pita Kariakoo uulize maduka matatu, kwa sababu bei ya kitenge hupanda na kushuka kwa ubora, kwa mzigo na hata kwa msimu.

Kitenge kimoja: hesabu ya yadi

Andika yadi au mita, usiandike "doti" peke yake. Kwenye kanga doti inajulikana, ni vipande viwili, lakini kwenye kitenge kila muuzaji ana hesabu yake, na ndugu wa Mbeya ataelewa tofauti na unavyomaanisha. Kitenge kizima huuzwa yadi 6, ambazo ni karibu mita 5 na nusu, na upana wake ni kama sentimita 115. Gauni refu la mwanamke lenye sketi pana pamoja na kilemba linamaliza yadi 6. Gauni la kubana linatosha kwa yadi 4, na zinazobaki ndizo za kilemba au nguo ya mtoto. Shati la mwanamume tumpe yadi 3. Mtoto wa miaka minne hadi kumi, yadi 2.

Sasa hesabu ya ukataji. Wanawake 24 wanachukua vitenge 24. Wanaume 12 wanachukua vitenge 6, kila kimoja kikikatwa katikati. Watoto watatu wanapata nguo kwenye kitenge kimoja, kwa hiyo watoto 10 wanahitaji vitenge 4, na hapo zinabaki yadi 4. Jumla ni vitenge 34. Ongeza 2 vya akiba, viwe 36.

Kitenge kikiwa shilingi 24,000, vitenge 36 ni 864,000. Ukitangaza bei ileile ya dukani, yaani mwanamke 24,000, mwanamume 12,000 na mtoto 8,000, utakusanya 800,000 na utakuwa na pengo la 64,000. Hizo ni yadi 4 zilizobaki na vitenge 2 vya akiba. Mwanakamati aliyepewa kazi ya sare ndiye huishia kuziba pengo hilo kwa pesa yake, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Tangaza 27,000 kwa mwanamke, 14,000 kwa mwanamume na 9,000 kwa mtoto. Utakusanya 906,000, na 42,000 zinazozidi zitalipia usafiri, vifurushi vya basi vya mikoani na makato ya kutuma pesa. Waeleze ndugu hivyohivyo, kwa maandishi. Mtu anayejua 3,000 yake imekwenda wapi hanung'uniki.

Kosa zito zaidi, tunaloliona karibu kila msimu, ni kutangaza bei ya kitambaa na kuiita bei ya sare. Kushona gauni kwa fundi wa kawaida kunaweza kuzidi bei ya kitenge chenyewe. Tukikadiria ushonaji wa gauni 40,000, pamoja na zipu na bitana, mama mdogo aliyesoma "sare ni 27,000" atakuta anadaiwa 67,000. Mwenye binti wawili wa kuvalisha atajitoa kimyakimya, na wewe utakuwa umeshamnunulia kitenge. Tangaza zote mbili, kitambaa na ushonaji, kwenye mstari mmoja.

Rangi moja: jina la rangi halitoshi

Njia hii inaonekana rahisi kwa sababu kamati haishiki pesa ya mtu. Gharama yake imejificha kwenye neno moja, yaani jina la rangi. Tangaza "damu ya mzee" kwa wanawake 24 uone kitakachoingia ukumbini: mmoja kwenye wekundu wa matofali, mwingine kwenye zambarau iliyoiva, wa tatu kwenye kahawia ya ugoro. Kila mmoja ametii tangazo. Kijani kina matatizo zaidi, na bluu vilevile. Rangi zinazosameheka ni nyeupe na nyeusi, lakini nyeupe ina mwenyewe siku hiyo, na nyeusi kuna wazee wasioitaka kwenye harusi.

Picha ya simu haiokoi. Kila kioo kina mwanga wake, na picha iliyopigwa chini ya taa ya duka hubadili rangi tena. Kinachofanya kazi ni kipande cha kitambaa chenyewe. Nunua nusu mita ya krepe ya rangi mliyochagua. Krepe nyingi zina upana wa sentimita 150, kwa hiyo nusu mita inatoa vipande 75 vya sentimita 10 kwa 10. Kila kaya ipate kimoja, kimebanwa kwenye karatasi yenye tarehe. Wa mikoani watumiwe kwenye bahasha moja kwa mtu mmoja wa ukoo aliye pale, naye agawe. Mtu akienda dukani akiwa na kipande chake, asikilinganishe ndani ya duka. Atoke nacho mlangoni pamoja na kitambaa anachotaka kununua, avishike sambamba juani. Rangi mbili zinazofanana chini ya taa nyeupe zinaweza kutengana vibaya juani, na picha za familia hupigwa nje.

Hata jora mbili za rangi ileile kutoka kiwanda kimoja huweza kupishana, kwa sababu hazikutiwa rangi kwa mkupuo mmoja. Kwa watu watakaosimama pamoja kwenye picha, mfano shangazi wanne au dada wa bibi harusi, wachangie jora moja hata kama wengine wote wananunua kivyao.

Faida ya rangi ni kwenye mfuko wa ndugu. Mwenye gauni la rangi hiyo tayari halipi chochote. Anayeanza upya, akichukua mita 3 na nusu za krepe kwa 9,000, analipa 31,500, na kwa ushonaji wa 40,000 anafika 71,500. Kwa hiyo anayeshona nguo mpya haokoi kitu kwa kufuata rangi, analipa zaidi kidogo ya wa kitenge. Anayeokoa ni yule asiyeshona. Kabla ya kuchagua njia hii, piga simu kwa kaya tano au sita uulize nani ana nguo ya rangi hiyo. Kama hakuna hata mmoja, basi hoja ya unafuu haipo.

| | Kitenge kimoja | Rangi moja |
|---|---|---|
| Mwanamke, kitambaa na ushonaji | 67,000 | 0 hadi 71,500 |
| Tangazo litoke kabla ya harusi | wiki 10 | wiki 6 |
| Pesa hupitia kwa kamati | ndiyo, 906,000 | hapana |
| Kinachoharibika zaidi | wachelewaji na mafundi | rangi kupishana |

Lesi hatukuiweka kwenye jedwali kwa makusudi. Kwa mfano, kipande cha yadi 5 cha 80,000, bitana ya 20,000 na ushonaji wa 60,000 vinafika 160,000 kwa mwanamke mmoja. Hiyo iwe ya mama mzazi na pengine shangazi wawili watakaokaa mbele, na iwe kwa hiari yao. Kuitangaza kwa ukoo mzima ni kuwaambia wengine wasije.

Kununua kitenge chenyewe

Mchoro mmoja hutoka kwa rangi kadhaa, na si kila duka lina vitenge 36 vya rangi moja. Kabla ya kutangaza, hakikisha idadi ipo, kisha tanguliza pesa kidogo uandikiwe risiti yenye picha au namba ya mchoro na bei iliyokubaliwa. Ukitangaza kwanza ukaenda dukani baadaye, utakuta vimebaki 20, na muuzaji atakuambia mzigo mwingine uko njiani.

Jaribu kitambaa hapohapo. Lowesha pembe, isugue kwa leso nyeupe: ikiacha rangi, jasho la ukumbini litaiacha kwenye kola za mashati. Kikunje ukisugue kwenye viganja. Ugumu ukitoka kama vumbi na kitambaa kikalegea, ulichokuwa unakishika ni wanga. Chomoa uzi mmoja uuwashe mbali na kitambaa. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ila uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha tone gumu. Vya plastiki si haramu, lakini pasi ya moto huvichoma na kwenye joto la Desemba havipitishi hewa, na bei yake lazima iwe chini. Cha pamba kilowekwe kwenye maji baridi na kuanikwa kabla ya kukatwa, maana pamba huingia ikifuliwa. Liandike hilo kwenye tangazo, kwa sababu fundi hatalifanya.

Angalia pia mwelekeo wa mchoro. Ndege, mitungi au majani yanayotazama upande mmoja humlazimu fundi kukata vipande vyote kwa upande huo, na kwa mwenye mwili mkubwa yadi 6 zinaweza kumpungukia. Mchoro unaosomeka sawa juu na chini, kama duara na madoadoa, unasaidia watu wote 46.

Tarehe za fundi

Desemba mafundi wameshika nguo za Krismasi, na sare za shule za Januari ziko nyuma yake. Kwa harusi ya 12 Desemba, kitenge kipangwe hivi: tangazo Jumamosi 3 Oktoba, mwisho wa kulipa Jumapili 18 Oktoba, ununuzi Jumanne 20 Oktoba, vifurushi vya mikoani viondoke kufikia Jumamosi 24 Oktoba, na kila kitambaa kiwe mkononi mwa fundi Jumamosi 31 Oktoba. Kujaribu nguo ni Jumamosi 21 Novemba. Kuichukua ni Jumamosi 28 Novemba, wiki mbili kamili kabla ya harusi.

Hizo wiki mbili za mwisho hazina mjadala. Gauni likichukuliwa 5 Desemba na likakutwa linabana, fundi atakuwa na foleni ya wengine na atakuambia urudi Alhamisi, kisha Ijumaa jioni.

Fundi mmoja kwa gauni zote 24 anavutia, kwa sababu bei inashuka na mishono inafanana. Muulize maswali mawili: ana cherehani ngapi zenye mtu wa kuzikalia, na ana nguo ngapi za watu wengine kabla ya zenu. Anayemaliza gauni moja kwa siku, kwa siku sita za juma, anahitaji wiki nne kwa gauni 24 tu, bila mashati 12 na nguo za watoto, na bila siku umeme unapokatika. Kati ya 31 Oktoba na 28 Novemba kuna wiki nne hasa, yaani hana hata siku moja ya kupumua. Gawa kwa mafundi watatu, gauni nane kila mmoja, na mashati kwa fundi wa mashati, maana kola ni kazi ya mtu mwingine. Wa Mwanza na Mbeya washone kwao.

Kuna dalili moja ya kutazama, nayo haihitaji ujuzi wa kushona. Pita kwa fundi Jumamosi 14 Novemba na uombe kuonyeshwa vitambaa vyenu. Vikiwa vimekatwa na vimefungwa kwa majina, kazi inakwenda. Vikiwa bado vimekunjwa kama vilivyotoka dukani, chukua nusu siku hiyohiyo upeleke kwingine, hata akiapa. Kitambaa kilichokatwa hakihamishiki kirahisi, lakini ambacho hakijakatwa bado unacho mkononi. Kwa sababu hiyohiyo mlipe nusu mwanzoni na nusu baada ya mhusika kuvaa, kukaa na kuinua mikono.

Kwenye vipimo, andika jina na simu ya mwenye nguo kwenye kipande cha karatasi kinachobanwa na kitambaa, si kwenye daftari la fundi peke yake. Vitenge 24 vinavyofanana vinachanganyika, na gauni la wifi mwembamba likikatwa kwa vipimo vya mama mkubwa, linabomolewa lote. Mjamzito na anayenyonyesha wapimwe mwisho, na fundi aache inchi moja ya ziada ndani ya mishono ya ubavuni ili gauni liweze kufunguliwa.

Kwa rangi moja kamati haina tarehe za kusimamia, isipokuwa moja: kila mmoja aonyeshe kitambaa chake, kikiwa sambamba na kile kipande cha mfano, wiki nne kabla ya harusi. Baada ya hapo kusahihisha rangi kunakuwa ni kununua upya.

Tangazo lenyewe

La kitenge liandikwe hivi, na lirushwe pamoja na picha iliyopigwa juani:

"Shikamooni wazee wetu, habari zenu ndugu. Sare ya familia kwa harusi ya 12 Desemba ni kitenge cha kijani chenye duara za njano, kama pichani. Kitambaa: mwanamke yadi 6, 27,000, mwanamume yadi 3, 14,000, mtoto yadi 2, 9,000. Ndani ya bei kuna usafiri na akiba. Ushonaji ni juu ya kila mmoja. Kadiria 40,000 kwa gauni, 20,000 kwa shati, 15,000 kwa mtoto. Mshono ni wa kuchagua mwenyewe, urefu uvuke goti. Mwisho wa kulipa ni Jumapili 18 Oktoba saa 12 jioni, kwa mweka hazina pekee. Tutanunua kwa waliolipa tu. Duka haliahidi kuwa nacho baadaye. Kiloweke kabla ya kukipeleka kwa fundi. Kifike kwa fundi 31 Oktoba, kichukuliwe 28 Novemba. Asiyeweza kushona avae kijani chochote, karibu sana."

Sentensi ya mwisho msiiondoe. Shangazi asiye na pesa mwezi huo anapata njia ya kuja bila kujieleza kwa mtu yeyote, na kijani chake pembeni ya kitenge hakivurugi picha.

La rangi ni fupi zaidi:

"Rangi ya familia ni damu ya mzee, sawasawa na kipande mtakachopokea. Kitambaa ni chochote kisichong'aa. Linganisheni juani. Wanaume: suruali nyeusi, shati jeupe, na tai au kofia yenye rangi hiyo. Kila mmoja aonyeshe kitambaa au nguo yake kufikia Jumamosi 14 Novemba."

Hilo la kutong'aa lina sababu. Satini na krepe za rangi moja hurudisha mwanga kwa namna tofauti, na kwenye picha ya pamoja satini huonekana nyeupe mahali taa ilipogonga.

Ipi uchague

Kama mna wiki kumi, mtu mmoja anayeaminika kwa pesa, na ndugu wengi wangeshona nguo mpya hata hivyo, chukueni kitenge. Mkiwa na wiki sita au pungufu, au nusu ya ndugu wako mikoani, chukueni rangi. Kuchanganya kunafaa zaidi kuliko watu wanavyodhani: kitenge kwa wale 15 au 20 wa karibu, na rangi iliyomo ndani ya kitenge hicho kwa wengine wote. Chagueni basi kitenge chenye rangi moja inayotawala, ambayo krepe yake inapatikana.

Zikibaki wiki tatu, acheni fundi kabisa, tangazeni kanga. Doti moja kwa kila mwanamke, moja kiunoni na moja begani juu ya gauni alilo nalo, na sare imepatikana bila cherehani. Someni jina lililoandikwa kwenye kanga kabla ya kulipa, mpaka mwisho, kwa sababu wakwe watalisoma.

Vile vitenge 2 vya akiba visikatwe mpaka Jumamosi 5 Desemba. Kimojawapo ni cha gauni litakalochomwa pasi au kuchanika zipu, maana kubadilisha kipande cha mbele huchukua yadi mbili hivi na fundi mzuri hukimaliza siku moja. Kingine ni cha mjomba ambaye hakujibu tangazo, na atakayepiga simu juma hilo akiuliza shati lake liko wapi.